Umeweka Dizeli, Benki Inasema Umekula

Mwisho wa mwezi mhasibu wa kampuni ya malori anafungua taarifa ya kadi na kukuta mstari huu:

```
14/03   RESTAURANT CHALINZE TZ   145,000.00
```

Pembeni yake programu ya benki imechora alama ya uma na kisu, na kiasi chote kimejumlishwa chini ya kichwa "Chakula na Vinywaji". Kadi hiyo alikabidhiwa dereva kwa kazi moja tu, mafuta. Dereva anaapa kwamba siku ile aliweka dizeli lita 50, na kwamba wali aliokula aliulipia kwa pesa yake ya mfukoni. Mhasibu anamtazama. Shilingi 145,000 za chakula, mtu mmoja, kituo kimoja?

Kisa hiki nimekitunga, lakini hakuna kipande chake kisichotokea kila siku mahali ambapo sheli na mkahawa viko kwenye uwanja mmoja. Na katika kisa kama hiki dereva anaweza kuwa mkweli kabisa, benki nayo isiwe imekosea hesabu hata senti. Ili kuona inawezekanaje, inabidi tufuate kile kilichosafiri kutoka kwenye mashine ya kadi hadi benki, na hasa kile ambacho hakikusafiri.

Dereva alipoingiza kadi na kubonyeza namba yake ya siri, mashine ilituma ujumbe mfupi. Ujumbe huo una vyumba vyenye namba, na kila chumba kina kazi yake. Kuna chumba cha namba ya kadi, cha kiasi, cha saa. Kuna cha namba ya mashine yenyewe, na cha namba ya mfanyabiashara. Chumba cha 43 hubeba jina la biashara, mji na nchi, vyote vikibanwa katika nafasi 40 za herufi, ndiyo maana majina mengi kwenye taarifa hukatwa katikati au kuandikwa kwa vifupisho visivyoeleweka. Chumba cha 18 hubeba tarakimu nne zinazoeleza aina ya biashara. Kwenye nyaraka za benki namba hiyo huitwa MCC.

Katika muamala wa kawaida hakuna chumba cha bidhaa. Ujumbe hausemi dizeli, hausemi lita 50, hausemi pampu namba ngapi. Benki ya dereva, hata ingetaka, haina njia ya kujua alichonunua. Inajua kiasi kadhaa kimeombwa na mashine fulani, na kwamba mashine hiyo imejitambulisha kuwa ni ya biashara ya namba fulani. Zipo kadi maalumu za mafuta, zinazotolewa kwa kampuni zenye magari mengi, ambazo hubeba pia aina ya mafuta, idadi ya lita na hata kilomita za gari. Kadi ya kawaida ya benki haina hayo, na mimi naona hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanza: watu wanaisoma taarifa kana kwamba ni risiti ya dukani.

Tarakimu nne zenyewe ni orodha ndefu inayotumiwa na mitandao ya kadi duniani, na tangu 2003 ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 18245. Kituo cha mafuta ni 5541. Pampu ya kujihudumia, ambapo mteja anaingiza kadi kwenye pampu bila kuonana na mtu, ni 5542. Huku kwetu pampu huwa na mhudumu, hivyo utakutana zaidi na ile ya kwanza. Mkahawa wenye huduma ya mezani ni 5812, na chakula cha haraka ni 5814. Duka la mboga na vyakula la kawaida, pamoja na supamaketi, ni 5411. Orodha hii ina mambo yake ya ajabu. Mashirika makubwa ya ndege kila moja lina namba yake peke yake, na minyororo mikubwa ya hoteli vivyo hivyo, wakati maelfu ya biashara ndogo zisizo na mahali pa kuwekwa hukusanywa kwenye 5999, namba ya maduka ya mchanganyiko.

Namba hiyo haichaguliwi na benki iliyokupa kadi. Inachaguliwa na benki iliyompa mfanyabiashara mashine, na inachaguliwa mara moja, siku anapofungua akaunti ya kupokea malipo. Ofisa wa benki anatazama leseni, anauliza biashara inafanya nini, pengine anakwenda kuiona, kisha anajaza fomu. Kanuni ni kwamba namba ifuate shughuli kuu, yaani ile inayoingiza mauzo mengi zaidi. Kuanzia hapo kila muamala unaopita kwenye mashine hiyo unavaa namba ileile, iwe umenunua nini. Ndiyo maana ukiingia duka la ndani ya sheli ukanunua maji na biskuti, taarifa itakuambia umeweka mafuta, kama mashine ya dukani imesajiliwa chini ya sheli. Ukila kwenye mgahawa wa hoteli, huenda ikaandikwa umelala hotelini.

Sasa turudi Chalinze, njia panda ya magari yatokayo Dar es Salaam kuelekea Morogoro na Tanga. Kwenye uwanja wetu wa kubuni kuna pampu nne, mkahawa, na choo cha kulipia. Mwenye uwanja ni mmoja. Dizeli ya dereva inaweza kuwa imegeuka chakula kwa njia kuu tatu, na kila moja inaacha alama yake.

Njia ya kwanza ndiyo nyepesi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mashine ya pampuni haikuwa na mtandao. Mhudumu aliijaribu mara mbili, akainyanyua juu kutafuta mnara, kisha akamwambia dereva, "Subiri kidogo, kaka," akaenda mkahawani kuazima ya kwao, ambayo inatumia laini ya mtandao mwingine wa simu. Muamala ukapita bila shida, mhudumu akapata malipo yake, dereva akaondoka. Mashine ile ni ya mkahawa, imesajiliwa 5812, na haina habari kwamba kwa dakika tano ilikuwa inauza dizeli.

Alama ya njia hii iko kwenye slipu, ile karatasi nyembamba inayotoka kwenye mashine. Juu yake huchapwa jina la biashara, kisha namba mbili: TID, namba ya mashine, ambayo kwa kawaida ni ya nafasi nane, na MID, namba ya mfanyabiashara, ambayo ni ndefu zaidi. Kama dereva ana slipu nyingine ya sheli hiyohiyo ya wiki iliyopita, weka karatasi mbili pamoja. TID ikitofautiana na MID ikitofautiana pia, na jina la juu likiwa la mkahawa, umeshapata jibu. Malipo yalipita kwenye mashine ya biashara nyingine.

Njia ya pili inatoka ofisini kwa mwenye uwanja. Alianza na mkahawa, miaka kadhaa nyuma, akapata mashine moja kutoka benki yake. Baadaye akajenga pampu. Alipohitaji mashine za pampuni hakufungua akaunti mpya ya kupokea malipo. Aliomba benki imwongezee mashine mbili kwenye ile aliyonayo, na benki ikamwongezea. Kwa makaratasi, yote ni kampuni moja, leseni moja ya jina, akaunti moja. Kwa mtandao wa kadi, yote ni mkahawa. Hapa TID za slipu zitatofautiana, lakini MID itakuwa ileile kwa pampu na kwa mkahawa, na kila dereva aliyewahi kuweka mafuta pale kwa kadi atakuwa "amekula". Hiyo ndiyo tofauti ya kuitafuta: tatizo la njia ya kwanza linatokea siku moja moja, la njia ya pili linatokea kila siku, kwa kila mteja.

Wakati mwingine hali hii haina hata pampu mbili wala mashine mbili. Biashara ilibadilika mikono, aliyekuwa na mgahawa akauza eneo na kampuni yake kwa mwenye mafuta, na hakuna aliyekumbuka kwenda benki. Fomu iliyojazwa zamani inaendelea kusema kweli ya zamani.

Kabla sijafika njia ya tatu, niseme jambo kuhusu udanganyifu, kwa sababu ndilo linalokuja kichwani haraka. Upo. Mitandao ya kadi ina kanuni kali dhidi ya mfanyabiashara anayejificha nyuma ya namba isiyo yake, na inaweza kuitoza faini benki iliyompa mashine. Anayejificha zaidi ni yule ambaye namba yake ya kweli inamletea vikwazo: nyumba ya kamari, kwa mfano, ambayo ni 7995 na ambayo benki nyingi huizuia kwenye kadi zao, inaweza kujaribu kujiita duka au mgahawa. Ila sheli kujiita mkahawa ni jambo la kushangaza kidogo. Katika masoko mengi ada ambayo mfanyabiashara hukatwa kwa kila malipo ya kadi hutegemea pia aina ya biashara, na vituo vya mafuta mara nyingi hupewa ada ndogo kwa kuwa faida yao kwa kila lita ni nyembamba. Mwenye sheli anayepitisha mafuta kwenye mashine ya mkahawa, kwa kawaida, anajiumiza mwenyewe. Kwa hiyo mimi ningetafuta uzembe kwanza kabla ya hila.

Njia ya tatu haiko Chalinze kabisa. Iko ndani ya simu. Benki nyingi siku hizi zina programu zinazopanga matumizi yako kwa makundi: chakula, usafiri, nyumba, afya, burudani. Namba za aina ya biashara ni mamia, makundi kwenye skrini hayafiki ishirini, kwa hiyo kuna mtu aliyekaa akaamua namba gani iingie kundi gani. Uamuzi wake si lazima ufanane na wako. Namba 5499, ya maduka madogo ya vyakula vya mchanganyiko, benki moja itaitia kwenye "Manunuzi ya nyumbani" na nyingine kwenye "Chakula na Vinywaji". Zaidi ya hapo, programu nyingine haziridhiki na namba, zinasoma pia jina na kukisia. Sheli iliyosajiliwa vizuri kabisa kama 5541, lakini yenye neno CAFE kwenye jina lake kwa sababu ya kibanda cha kahawa kilichomo ndani, inaweza kuchorewa uma na kisu na programu iliyoamini jina kuliko namba.

Utatenganishaje njia hii na zile mbili? Linganisha skrini na slipu. Kama slipu ina jina la sheli na MID ileile ya siku zote, lakini skrini inasema chakula, basi kosa huenda ni la upangaji wa programu tu. Uhakika kamili unapatikana kwa kuipigia simu benki iliyokupa kadi na kuuliza swali moja: muamala huu umekuja na MCC gani? Usiulize kwa nini umeandikwa mkahawa, maana mhudumu wa simu atakusomea kilekile unachokiona. Uliza tarakimu nne. Akikwambia 5541, shida iko kwenye programu yao. Akikwambia 5812, shida ilianzia kwenye mashine.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu kama namba ile ingetumika kuchora alama pekee. Lakini ndiyo inayotumika kuruhusu na kukataa. Kampuni inayotoa kadi za mafuta kwa madereva inaweza kuiomba benki ifungue 5541 na 5542 peke yake, na kufunga nyingine zote. Kadi ya namna hiyo ikiingizwa kwenye mashine ya mkahawa, hata kama salio limejaa na bomba bado liko kwenye tangi, muamala utakataliwa. Dereva ataambiwa hana pesa, kwa kuwa ndivyo mhudumu anavyolitafsiri kila jibu baya la mashine. Tazama namba ya jibu ikichapwa au ikionekana. Jibu la 51 ndilo linalomaanisha salio halitoshi. Jibu la 57 linamaanisha aina hii ya muamala haikuruhusiwa kwenye kadi hii, na ndilo linalotarajiwa pale kadi iliyofungiwa mafuta inapokutana na mashine isiyo ya mafuta, ingawa baadhi ya benki hurudisha jibu la jumla tu la kukataa. Dereva anayepata 57 pampuni asijaribu mara ya tano. Aombe mashine ya pampuni yenyewe, au alipe kwa njia nyingine na kuweka risiti.

Upande wa pili ni wale wanaorudishiwa asilimia ya matumizi. Wasomaji wetu walio Marekani, Ulaya na Ghuba wanazifahamu kadi zinazorudisha kiasi kikubwa zaidi kwa mafuta kuliko kwa manunuzi mengine. Hesabu ya marejesho hayo inafuata namba iliyokuja na muamala. Kama kadi inarudisha asilimia 3 kwa mafuta na 1 kwa vinginevyo, tangi la dola 60 lililopita kama mkahawa linakupa senti 60 badala ya dola 1 na senti 80. Kinyume chake pia hutokea: wanaonunua soda na mkate ndani ya sheli hulipwa asilimia ya mafuta, na sijawahi kusikia mtu akilalamikia hilo. Mafuta yanayouzwa na maduka makubwa ya jumla nayo wakati mwingine hupita kwa namba ya duka, na kwa sababu hiyo masharti ya kadi nyingi yanasema wazi kwamba marejesho ya mafuta hayahusu pampu za maduka ya aina hiyo.

Sasa mhasibu afanye nini na shilingi 145,000? Kwanza asiitegemee taarifa ya benki kama ushahidi wa bidhaa, kwa kuwa haikuwahi kuwa huo. Ushahidi upo kwenye risiti ya EFD. Risiti ya sheli inayotoka kwenye mashine iliyounganishwa na pampu inaonyesha aina ya mafuta, lita na kiasi, pamoja na tarehe na saa. Aiweke kando ya slipu ya kadi. Kiasi kikiwa kilekile, na saa zikipishana kwa dakika chache tu, dizeli imethibitika, hata kama slipu imeandikwa mkahawa. Kama kuna slipu lakini hakuna risiti ya pampu, hapo maswali kwa dereva yana haki ya kuendelea. Na kama risiti ya pampu inasema lita 40 wakati slipu imekata fedha za lita 50, basi hatuzungumzii tena namba ya aina ya biashara.

Kwenye programu ya simu, mhasibu akipewa nafasi ya kubadili kundi, abadilishe ili hesabu zake za mwezi zikae sawa. Ajue tu kwamba amebadili alama kwenye skrini yake. Namba iliyokuja na muamala inabaki kama ilivyo, na vizuizi na marejesho vinaendelea kuifuata hiyo. Benki iliyotoa kadi haiwezi kuigeuza, kwa kuwa si yake. Ikiona haya inaweza kumfidia mteja marejesho aliyokosa, kwa hisani, na kwa kiasi kama senti zile nyingi hufanya hivyo ukiwa na risiti mkononi. Kufungua shauri rasmi la kupinga malipo, kana kwamba fedha zimeibiwa, ni kosa: ulipokea dizeli, ulikubali kiasi, na shauri hilo litarudi kwako na kumsumbua mwenye sheli bure.

Anayeweza kurekebisha chanzo ni mwenye uwanja, kupitia benki iliyompa mashine. Kwa njia ya kwanza dawa ni amri tu kwa wahudumu: mashine ya mkahawa isivuke kwenda pampuni, na mashine ya pampuni ipatiwe laini ya pili. Kwa njia ya pili anaandika barua akitaja MID yake na TID za mashine zilizoko pampuni, akieleza kwamba mauzo ya mafuta ni biashara inayojitegemea, na kuomba mashine hizo zihamishiwe kwenye akaunti tofauti yenye 5541. Benki itataka leseni ya kuuza mafuta, na huenda ikamtuma mtu kuja kuhesabu pampu. Ikikubali, mashine zinapangwa upya na slipu zinaanza kutoka na MID mpya.

Mabadiliko hayo yanaanza siku yanapofanywa na kwenda mbele. Miamala ya nyuma haiandikwi upya, kwa hiyo mhasibu wa malori ataendelea kuwa na mstari wa mkahawa kwenye taarifa ya Machi hata Chalinze ikiwa imeshanyooka, na risiti ya EFD ya siku ile lazima ibaki imebanwa nyuma yake hadi wakaguzi watakapopita. Ili ajue kwamba marekebisho yamekamilika asitazame muamala wa siku hiyohiyo ukiwa bado unasubiri, kwani jina na maelezo huweza kubadilika pale rekodi ya mwisho inapofika siku moja hadi tatu baadaye. Asubiri uwe umekamilika, kisha aipigie benki yake simu na kuuliza tena zile tarakimu nne.